Barua ya mama mdogo imenikosesha viza? "Mwanangu", "baba yako" na "mdogo wangu" vilivyosomeka kwa Kiingereza

Kifunguamimba (bandiko la 1)

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie kusoma barua kwa macho mapya, maana yangu yamechoka.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu mzazi, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la tatu. Mimi sasa naishi Kanada na familia. Tukaamua aje kututembelea. Mdhamini ni mke wangu, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Alipoandika barua ya mwaliko alisema ukweli wote: mgeni ni dada wa marehemu mama mkwe, na wazazi wa mume wake wote wawili wamefariki.

Mama mdogo naye akaandika barua kwa mkono wake. Nikaona ni ushahidi mzuri wa uhusiano wetu, nikaipiga picha nilipokuwa likizo nyumbani, nikaitafsiri, mke wangu akaiambatanisha. Hii hapa kama ilivyo:

*"Mwanangu mpenzi, salaam sana. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali nami. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba nimepokea mwaliko wa mkwe wangu na nimefurahi mno. Nitakuja kukaa nanyi niwaone wajukuu zangu. Shamba na nyumba nitamwachia mdogo wangu, naye amekubali. Tangu marehemu dada alipotutoka, wewe ndiwe kifungua mimba wangu. Baba yako naye anakusalimu sana. Wako mama."*

Kwenye tafsiri, mwanangu niliandika mtoto wangu wa kiume. Baba yako nikaandika faza wako. Mdogo wangu nikaandika braza wangu mdogo. Wako mama nikaweka maza.

Jibu limekuja: wamekataa. Sababu waliyoweka ni kwamba hawakuridhika kuwa ataondoka muda wake ukiisha, kwa kuangalia mahusiano yake ya kifamilia huko na huku. Je, ni tafsiri ndiyo imetuponza, au tunatafuta mchawi? Nimeambatanisha picha ya barua, majina nimeyafunika.

---

Nyundo_Kumi (bandiko la 2)

Pole mkuu. Hapo hakuna cha tafsiri. Sababu hiyo wanaiandika kwa kila mtu, ni fomula. Omba upya, weka taarifa ya benki iliyonona.

---

Bi_Mkunjo (bandiko la 3)

Nyundo, usimkatishe tamaa. Sababu ni ya kawaida, lakini afisa aliyeiandika alikuwa na karatasi mbele yake, na karatasi hizo zinagombana.

Jiweke kwenye kiti chake. Barua ya mdhamini inasema mume wangu hana baba wala mama. Barua ya mgeni inaishia na "wako mama", na mstari mmoja juu yake baba anasalimu. Mfu anatuma salamu. Halafu kuna fomu ya taarifa za familia ambayo mama mdogo aliijaza, ile IMM 5645. Ina sehemu ya watoto, na inataka watoto wote, hata wa kufikia na wa kuasili. Kifunguamimba, wewe umo kwenye orodha hiyo?

---

Kifunguamimba (bandiko la 4)

Simo. Aliandika watoto wake watatu aliowazaa. Ni sahihi, sivyo? Hakuniasili kisheria, alinilea tu.

---

Bi_Mkunjo (bandiko la 5)

Ni sahihi kabisa, na hapo ndipo penye mtego. Fomu inasema watoto watatu, wote wako nyumbani. Barua inasema kifungua mimba wake yuko Kanada. Asiyejua lugha yetu anaona mwanamke aliyeficha mtoto wake wa kwanza, na mtoto mwenyewe yuko kule kule anakotaka kwenda. "Mahusiano ya kifamilia huko na huku" kwa macho hayo yanasomeka vizuri sana.

Mimi nilifanya kazi ya ukalimani na tafsiri za nyaraka miaka mingi kabla sijastaafu. Barua za familia ndizo zilizokuwa zinanitoa jasho kuliko mikataba. Mkataba unasema unachotaka kusema. Barua ya mama inasema anachohisi.

---

MwanaPwani (bandiko la 6)

Kwa nini msitumie anko na anti tu mkamaliza kazi? Baba yako hapo ni mume wa mama mdogo, si ndiyo? Basi andika anko. Mama andika anti. Mwanangu andika mpwa. Kila kitu kinakubaliana na fomu.

Sisi kwetu hata tatizo hilo halipo. Ndugu wa baba ni ami, na wa mama ni mjomba. Huwezi kumchanganya mtu.

---

Kifunguamimba (bandiko la 7)

Ndiyo MwanaPwani, huyo baba ni mume wake. Mimi humwita baba tangu utotoni. Nilipokuwa natafsiri sikuona ajabu yoyote, ndiyo maana nikaandika faza bila kufikiri.

---

Bi_Mkunjo (bandiko la 8)

MwanaPwani, nia yako njema lakini hapo unampeleka mwenzio shimoni. Barua haikusema anti, imesema mama. Mtafsiri akiandika anti ameibadilisha nyaraka, na siku ofisi ikimpa karatasi ile ile msomaji wake wa Kiswahili, atauliza neno hilo limetoka wapi. Kwa sheria ya uhamiaji ya Kanada, ukionekana umetoa taarifa za uongo kwenye maombi unafungiwa miaka 5. Hutaki kucheza karibu na hapo kwa sababu ya neno moja.

Mimi nilikuwa nafanya hivi. Ndani ya barua, mama anabaki maza, mwanangu anabaki mtoto wangu. Kando, chini ya ukurasa, naweka maelezo yanayosema wazi kuwa ni ya mtafsiri. Kwa Kiingereza chao naandika kwamba katika lugha hii dada wa mama huitwa mama, mume wake huitwa baba, na mtoto wa dada huitwa mwanangu. Kwa hiyo maneno hayo peke yake hayaonyeshi nani kamzaa nani. Naishia hapo. Siandiki kuwa mwanamke huyu ni mama mdogo wa huyu bwana, kwa sababu mimi mtafsiri sijui. Najua lugha, sijui ukoo wao.

---

Mtoto_wa_Shangazi (bandiko la 9)

Bi Mkunjo, hapo kidogo sikubaliani nawe. Barua yenyewe inatoa ushahidi. Amesema "tangu marehemu dada alipotutoka, wewe ndiwe kifungua mimba wangu". Mtafsiri makini anaona kuwa dada aliyefariki ndiye mama mzazi. Kwa nini asiliseme hilo kwenye maelezo?

---

Bi_Mkunjo (bandiko la 10)

Kwa sababu "dada" naye ana mambo yake. Anaweza kuwa wa tumbo moja, anaweza kuwa binti wa mama mkubwa, anaweza kuwa jirani waliyekua naye. Sentensi inaashiria tu, haithibitishi. Ukweli wa ukoo unabebwa na vyeti na viapo, na atakayeueleza ni mdhamini kwenye barua yake. Ukimbebesha mtafsiri kazi hiyo, tafsiri nzima inaanza kunuka utetezi.

---

Nyundo_Kumi (bandiko la 11)

Lakini kama ni mama aliyemlea, kwa nini msiombe ile viza ya supa? Unakaa hadi miaka 5 kwa mkupuo. Barua inasema mama, cheti cha kulelewa mnatafuta, kazi imekwisha.

---

Hamalindogo (bandiko la 12)

Nyundo, usipotoshe watu. Viza ya supa ni ya wazazi na mababu tu. Mama mdogo hahesabiki humo, hata kama alikunyonyesha, labda awe alikuasili kisheria. Ukiombea hiyo kwa kutegemea neno "mama" kwenye barua ndiyo unaangukia pale Bi Mkunjo anapopaogopa.

Mimi nina swali lingine kabisa. Kifunguamimba, umesema ULIITAFSIRI wewe. Wewe mwenyewe?

---

Kifunguamimba (bandiko la 13)

Ndiyo, mimi mwenyewe. Kiingereza nakiweza, nimesoma kwacho. Nikaweka jina langu na sahihi chini.

---

Hamalindogo (bandiko la 14)

Basi acheni maza na faza kwanza. Kanada hawakubali tafsiri ya mwombaji mwenyewe wala ya ndugu zake. Wamewataja mmoja mmoja: mzazi, mlezi, mwenzi wa ndoa, kaka na dada, babu na bibi, mtoto, mjomba, shangazi, mpwa, hadi binamu wa kwanza. Hata uwe profesa wa lugha. Ukisema wewe ni mwanawe, umo. Ukisema ni mpwa wake, umo pia. Kila mlango umefungwa.

Anatakiwa mtu baki. Akiwa mtafsiri aliyesajiliwa na chama cha jimbo lolote la Kanada, muhuri wake unatosha. Kama si msajiliwa, anaapa mbele ya wakili au kamishna wa viapo kwamba tafsiri ni ya kweli, na hati hiyo ya kiapo inaambatana na tafsiri pamoja na nakala ya barua yenyewe.

---

Jua_Kali_Dallas (bandiko la 15)

Jamani mbona mimi nilitafsiri barua ya bibi yangu mwenyewe na ikapita? Niko Marekani. Niliandika tu chini kwamba najua lugha zote mbili, tafsiri ni kamili na sahihi, nikatia sahihi. Hakuna aliyeniuliza undugu.

---

Hamalindogo (bandiko la 16)

Kaka, ya Marekani ni Marekani. Kanuni yao inataka mtafsiri athibitishe kuwa tafsiri ni kamili na sahihi na kuwa ana uwezo wa lugha hizo. Ndugu hajakatazwa kwa maneno, ingawa wengi hukwepa kumtumia. Uingereza nao wana yao: tarehe, jina kamili, sahihi na mawasiliano ya mtafsiri, ili wakitaka wampigie. Mtu akisoma uzi wa nchi moja akautumia nchi nyingine anaumia.

---

Jua_Kali_Dallas (bandiko la 17)

Sawa, nimeelewa. Ila na mimi nilipata kituko. Niliandika bibi yangu, nikatafsiri mama wa mama. Rafiki yangu Mkenya aliyenipitishia macho akashtuka, "unamleta mkeo wa pili?" Kumbe kwao mtaani bibi ni mke.

---

MwanaPwani (bandiko la 18)

Hahaha! Ndiyo maana nasema ami na mjomba. Kiswahili cha bara kitawafunga jela.

---

Bi_Mkunjo (bandiko la 19)

MwanaPwani, hata huko kwenu nimewahi kupokea barua iliyosema "ami" kwa rafiki wa marehemu baba. Hakuna lugha inayoshika adabu ya fomu.

Ila kisa cha Jua Kali ni cha kweli na ndiyo sababu mtafsiri anatakiwa amjue mwandishi anatoka wapi. Mjomba kwa mmoja ni kaka wa mama tu, kwa mwingine ni mwanaume yeyote wa rika la baba. Shangazi hivyo hivyo. Nilikuwa nauliza kwa simu kabla sijagusa kalamu: huyu unayemwita shangazi, alizaliwa na nani?

Na hapo hapo nirudi kwa Kifunguamimba. "Mdogo wangu" umeandika braza mdogo. Uliuliza?

---

Kifunguamimba (bandiko la 20)

Sikuuliza. Nilidhani ni mjomba, maana ndiye anayeishi jirani na shamba. Ngoja nipige simu.

---

Fundi_Picha (bandiko la 21)

Wakati anapiga simu, mimi naomba niongelee picha, maana hakuna aliyeitazama.

Mkuu, umepiga usiku kwa taa ya simu. Katikati pana duara jeupe limemeza maneno mawili matatu pale kwenye "kukaa nanyi". Ukingo wa chini umekatika. Na karatasi imepinda, kwa hiyo mistari ya kulia imebanana. Afisa akifungua hiyo kwenye kompyuta yake haoni kama tafsiri yako inalingana na barua au la.

Lakini kubwa kuliko yote: kuza picha, tazama nafasi iliyo kati ya mistari ya mwisho. Utaona maandishi hafifu yanayokwenda kinyume, kama ya kwenye kioo. Huo ni wino wa upande wa pili. Barua hii ina nyuma. Uko wapi ukurasa wa nyuma?

---

Kifunguamimba (bandiko la 22)

Fundi, umenishtua. Nyuma kuna mistari michache ya salamu tu, sikuona umuhimu. Karatasi yenyewe ninayo hapa, nilikuja nayo. Naitafuta.

---

Msomaji_Kimya (bandiko la 23)

Nimesoma uzi huu kuanzia juu, kuna neno mmelipita. "Nitakuja KUKAA nanyi". Kifunguamimba, ulitafsiri vipi?

---

Kifunguamimba (bandiko la 24)

Nimefungua faili sasa hivi. Niliandika kuishi. Kwa Kiingereza nimeandika anakuja kuishi nasi na kuwaona wajukuu.

---

Msomaji_Kimya (bandiko la 25)

Basi kwangu mimi kesi imekwisha. Mambo ya mama na baba yanachanganya tu, lakini hili linakiri. Mgeni wa kutembelea amesema kwa maandishi anakuja kuishi. Kukaa kwetu ni kuketi, ni kushinda, ni kulala siku mbili, ni kuishi miaka ishirini. Kiingereza kina neno la kuishi na kina neno la kukaa kwa muda, ni lazima uchague. Umechagua lile baya.

---

Nyundo_Kumi (bandiko la 26)

Hapo umepiga penyewe. Nafuta bandiko langu la kwanza moyoni.

---

Mtoto_wa_Shangazi (bandiko la 27)

Na "hofu na mashaka" je? Hiyo ni salamu ya barua tuliyofundishwa shuleni wote. Ukiitafsiri neno kwa neno, mama yuko nyumbani ana hofu na mashaka. Mtu anaweza kudhani anakimbia jambo.

---

Bi_Mkunjo (bandiko la 28)

Nimewahi kuliona hilo likizua swali kwenye usaili. Aliulizwa bibi mmoja, unaogopa nini huko kwenu? Yeye akajibu siogopi kitu, kwa mshangao wa kweli. Tangu hapo nilitafsiri maana: sisi hatujambo, tunachotaka kujua ni hali yako. Salamu ni kitu kimoja kizima, haifai kuikatakata.

Nakubaliana na Msomaji Kimya kuhusu kukaa, ila nisingesema kesi imekwisha. Mtafsiri mwaminifu naye angepata shida pale, kwa sababu sentensi haina muda. Hakusema wiki wala mwezi. Hata ukichagua neno la kukaa kwa muda, afisa atauliza muda gani.

---

Kifunguamimba (bandiko la 29)

Wakuu, nimeipata karatasi. Nimeigeuza. Naandika mikono inatetemeka kidogo.

Nyuma imeandikwa hivi: *"N.B. Nitakaa wiki sita tu mwanangu, usinizuie. Narudi kabla ya mavuno, mdogo wangu hawezi kuvuna peke yake na mguu wake ule. Wasalaam."*

Niliiona zamani nikadhani ni utani wake wa kawaida.

---

Fundi_Picha (bandiko la 30)

Mkuu wangu. Hilo ndilo lililokuwa linatakiwa, na ndilo lililobaki nyuma ya karatasi.

Piga upya. Mchana, kando ya dirisha, jua lisiingie moja kwa moja, taa ya simu zima. Laza karatasi mezani juu ya kitu cheusi. Ile rangi nyeusi chini yake inapunguza wino wa nyuma kutokeza. Simu iwe sambamba na meza, usiiinamishe. Pembe zote nne za karatasi zionekane, ili mtu aone kuwa hujakata kitu. Mbele picha moja, nyuma picha moja, na bahasha kama ina muhuri wa posta wenye tarehe. Ukituma kwa mtafsiri kwa wasapu, tuma kama dokumenti na si kama picha, vinginevyo inabanwa na herufi hafifu zinakufa.

---

Hamalindogo (bandiko la 31)

Na tafsiri iwe ya vyote: N.B., neno lililokatwa kwa mstari, herufi isiyosomeka. Mahali pasiposomeka mtafsiri anaandika ndani ya mabano ya mraba kwamba hapasomeki. Asibahatishe. Ulichopeleka mara ya kwanza kilikuwa nusu ya nyaraka.

---

Kifunguamimba (bandiko la 32)

Nimempata mama mdogo kwenye simu. "Mdogo wangu" si mjomba. Ni mama yetu mwingine, binti wa dada yake bibi. Mwanamke. Kiswahili chenyewe hakikuniambia, "naye amekubali" ni yeye yeyote.

Na kwenye fomu, sehemu ya kaka na dada hakumwandika, kwa sababu si wa tumbo moja. Kwa hiyo tafsiri yangu ilimzulia braza ambaye hayuko kwenye fomu hata kidogo.

---

Bi_Mkunjo (bandiko la 33)

Sasa umeona. Hapo mtafsiri anaandika ndugu yangu mdogo, kwa neno la Kiingereza lisilotaja jinsia. Lipo, ni la kiofisi kidogo, lakini ni la kweli kuliko braza. Na kwenye maelezo ya chini anaongeza kuwa neno hilo halisemi mume wala mke, na pia hutumika kwa watoto wa ndugu wawili wa kike.

Kuhusu ushahidi wa ukoo: una cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la mama?

---

Kifunguamimba (bandiko la 34)

Ninacho. Tatizo mama mdogo hana cheti cha kuzaliwa cha zamani, wala mama hakuwa nacho. Na majina yao hayafanani. Mama kwenye cheti changu ameandikwa kwa jina la baba yake. Mama mdogo kwenye pasipoti ana jina la mumewe.

---

Hamalindogo (bandiko la 35)

Hilo ni la kawaida kwa watu wa umri wao. Unajenga ngazi. Cheti chako kinaonyesha mama. Cheti cha kifo cha mama, kama kina jina la baba yake, kinaonyesha babu. Cheti cha ndoa cha mama mdogo huwa na jina la baba wa bibi harusi, na hapo babu anatokea tena. Babu yule yule pande mbili, basi hao ni ndugu. Palipo na pengo anaapa mtu mzima wa ukoo anayewajua wote wawili tangu utoto. Yeye anaruhusiwa kuwa ndugu, kwa sababu anashuhudia na hatafsiri.

---

Mtoto_wa_Shangazi (bandiko la 36)

Angalia tu herufi za jina la babu. Letu liliandikwa na "dh" kwenye cheti kimoja na "z" kwenye kingine, tukalazimika kula kiapo kwamba ni mzee mmoja.

---

Nyundo_Kumi (bandiko la 37)

Mimi bado nina wazo. Kwa nini mama mdogo asiandike barua mpya? Fupi, safi. Aandike "mtoto wa marehemu dada yangu", aandike wiki sita, aandike jina la anayebaki na shamba. Ile ya zamani mnaiacha.

---

Hamalindogo (bandiko la 38)

Ya zamani tayari wanayo kwenye kumbukumbu zao, haiachiki. Ukileta mpya inayosema tofauti bila kueleza ya kwanza, umeongeza mgongano mwingine. Mimi naona bora barua ile ile, pande zote mbili, tafsiri mpya ya mtu baki, na barua ya mdhamini inayokiri kuwa tafsiri ya kwanza ilikuwa na makosa na inayataja moja moja.

---

Bi_Mkunjo (bandiko la 39)

Mimi ningefanya vyote viwili. Barua ya zamani na tafsiri yake mpya, kisha mama mdogo aandike ya pili kwa ajili ya ofisi. Ile ya kwanza alimwandikia mwanawe, hakuwaandikia wao. Hakuna kosa mtu akiandika barua mbili kwa wasomaji wawili.

---

Msomaji_Kimya (bandiko la 40)

Kabla ya yote, ombeni maelezo ya afisa, zile noti za GCMS. Mkeo yuko Kanada, mama mdogo amsainie ridhaa, mkeo aombe kwa sheria ya haki ya kupata taarifa. Kwa sheria ni siku 30, ingawa huchelewa. Mimi nasema ni kukaa, Bi Mkunjo anasema ni kifungua mimba, Hamalindogo anasema ni mtafsiri ndugu. Huenda sote tumekosea na afisa hakufika hata kwenye barua.

---

Nyundo_Kumi (bandiko la 41)

Ndilo nililosema bandiko la 2!

---

Kifunguamimba (bandiko la 42)

Asanteni sana wote. Mke wangu anajaza ombi la noti leo. Mtafsiri tumempata, si ndugu wala jamaa, na nimempa namba ya mama mdogo amuulize ukoo yeye mwenyewe.

Nimemweleza mama mdogo wazo la barua ya pili. Wiki sita amekubali kuandika. Jina la anayebaki na shamba amekubali. Nilipofika kwenye "mtoto wa marehemu dada yangu" akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema hiyo wataandika hao wa vyeti. Yeye akishika kalamu ataandika mwanangu.

---

Bi_Mkunjo (bandiko la 43)

Mwache aandike. Mtafsiri ataeleza chini ya ukurasa.

---

Jua_Kali_Dallas (bandiko la 44)

Samahani kuuliza nje ya mada: na "wifi" mnalitafsirije? Dada yangu kaandikiwa barua na watu wawili, wote wanamwita wifi, mmoja ni mke wa kaka yetu na mwingine ni dada wa mumewe.